Meza moja, siku moja: uchambuzi wa kisa cha skripti ya video ya ofisi ya pamoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu ofisi ya pamoja iliyoko ghorofa ya pili ya jengo moja la kando ya barabara kuu jijini Dar es Salaam. Nilikuwa mwandishi wa skripti ya video yake, na sehemu kubwa ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu mwenyewe. Jina la ofisi, mtaa wake na majina ya wote waliohusika yameondolewa. Bei na hesabu za wateja zimesogezwa kidogo ili wanaoijua sehemu hiyo wasiitambue kwa namba zake, lakini uwiano kati ya namba na namba umebaki kama ulivyokuwa.

Ofisi hiyo ilikuwa na ukumbi wa wazi wenye viti 42 vilivyopangwa kwenye meza ndefu, vyumba vidogo 6 vya kukodi kwa mwezi, chumba kimoja cha mikutano cha watu 8, vibanda viwili vya kupigia simu na jiko dogo la chai. Vyumba vya mwezi vilikuwa vimejaa. Kilichomsumbua mwenye ofisi ni ukumbi, ambao siku nyingi ulikuwa na watu kumi na tano au ishirini tu, huku kiyoyozi na intaneti vikilipiwa kana kwamba umejaa. Aliamua viti vilivyobaki viuzwe kwa siku moja moja kwa wafanyakazi huru, yaani wafasiri, wabunifu wa michoro, wahasibu wa kujitegemea na waandishi wa programu, pamoja na kampuni changa za watu wawili hadi wanne ambazo hazijafikia uwezo wa kulipa pango la mwezi.

Aprili 2024 nilipewa kazi ya kuandika skripti ya video ya dakika moja na nusu itakayoonyesha huduma za ofisi na bei yake ya siku. Video ingetazamwa zaidi kwenye simu, na pia ingezunguka kwenye runinga ya mapokezi. Nilikabidhiwa karatasi ya bei yenye ukurasa mmoja, nikatembezwa ofisini kwa muda wa saa moja hivi, nikaenda nyumbani kuandika. Saa hiyo moja ilikuwa ya asubuhi, wakati ukumbi una watu saba na mhudumu wa mapokezi hajaulizwa swali hata moja.

Skripti ya kwanza

Mwenye ofisi alitaka mtazamaji aipende sehemu kwanza, kisha asikie bei mwishoni. Nilikubali bila ubishi, kwa sababu ndivyo matangazo mengi yanavyojengwa. Video ilifunguka kwa kahawa inayomiminwa, ikapita ukumbini kwa kamera inayoelea, ikaingia kwenye vibanda vya simu, ikaishia chumba cha mikutano. Sekunde ya 78 ndipo bei ilipotokea. Kipande hicho cha mwisho kiliandikwa hivi:

Picha: Chumba cha mikutano. Vijana wanne wanacheka wakiwa wameizunguka meza.

Sauti: Pata meza yako kwa shilingi elfu ishirini tu kwa siku. Umeme hauzimiki, intaneti haikatiki. Karibu ufanye kazi.

Maandishi: 20,000/= KWA SIKU

Niliposoma mistari hiyo kwa sauti niliridhika nayo. Ilikuwa mifupi, ilikuwa na mapigo, na msimulizi aliisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Sikuona kwamba ndani yake mlikuwa na ahadi tano ambazo ofisi haikuwa imezitoa.

Yaliyotokea

Video ilitoka katikati ya Aprili. Watu walikuja, na hilo halikuwa tatizo. Matatizo yalikuwa mapokezi.

Jumatatu moja asubuhi walifika vijana watatu wa kampuni changa iliyokuwa ikitengeneza programu ya simu. Walilipa shilingi 20,000, wakakaa watatu kwenye kona ya meza moja ndefu, wakatoa kompyuta tatu na ekstensheni moja. Mhudumu wa mapokezi aliwafuata akawaeleza kwamba kila mtu analipia kiti chake. Mmoja wao akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, video inasema meza. Sisi tumekaa meza moja." Akamfungulia simu na kumchezea kile kipande. Dada wa mapokezi hakuwa na la kusema, kwa kuwa ndivyo video ilivyosema. Mwenye ofisi alipopigiwa simu aliamua waachwe siku hiyo. Kwa bei yake ya kweli walipaswa kulipa 70,800.

Msomaji atajiuliza 70,800 inatoka wapi, ikiwa mara tatu ya 20,000 ni 60,000. Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo linaloniaibisha zaidi. Karatasi niliyopewa ilikuwa karatasi ya wateja wa mwezi, ambao wengi ni kampuni, na mstari wa chini kabisa ulieleza kwa herufi ndogo kwamba bei zote ni kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Nilinakili namba nikauacha mstari. Ofisi ilikuwa imesajiliwa kwa kodi hiyo na mashine ya EFD ilitoa risiti ya asilimia 18 juu, kwa hiyo kila mteja wa siku aliyeingia akiwa na noti mbili za elfu kumi mkononi aliambiwa aongeze 3,600. Baadhi waliongeza wakinung'unika. Wengine waligeuka mlangoni.

Neno "siku" nalo lilikuwa na kesi zake. Mfasiri mmoja alifika saa tisa alasiri, akalipa, akafanya kazi hadi ofisi ilipofungwa saa kumi na mbili jioni, akaacha daftari na chupa yake ya maji mezani. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi alirudi na kuketi palepale. Alipoambiwa alipe tena alishangaa kweli, wala hakuwa mjanja: kwa hesabu yake siku ni saa 24, na yake ingeisha saa tisa. Mfano aliouchukua ulikuwa wa nyumba za wageni, ambako ukilipa usiku unajua utatoka saa ngapi kesho, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa hesabu ni nyingine.

Chumba cha mikutano kilileta mgogoro wa kimyakimya zaidi. Hakuna neno hata moja katika skripti lililosema kwamba kimo ndani ya bei ya siku. Lakini bei ilitamkwa wakati mtazamaji anakitazama, na macho yaliunganisha vitu ambavyo sauti haikuviunganisha. Katika wiki mbili za kwanza wateja watano waliomba kuingia na wageni wao humo kwa sababu "tumeshalipia". Kilikuwa kikikodishwa kwa saa, kwa malipo yake.

Halafu ikafika Mei. Umeme ulikatika mchana mmoja, jenereta likawaka baada ya sekunde ishirini hivi kama kawaida yake, na taa zikarudi. Waliokuwa na kompyuta za mapajani hawakuhisi lolote. Ila ruta ya ukumbi haikuwa na betri ya akiba, ikazima na kuwaka upya, na kazi hiyo huichukua dakika tatu. Ndani ya dakika hizo tatu mkalimani aliyekuwa kwenye kibanda cha simu, akitafsiri kikao cha watu waliokuwa Maskati, alitupwa nje ya kikao. Alitoka kibandani akasimama mbele ya runinga ya mapokezi, akasubiri video izunguke hadi ilipotamka "intaneti haikatiki", akaondoka bila kusema neno.

Mei 12, 2024, ambayo ilikuwa Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zinazoihudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini na kwa majirani. Jumatatu yake ukumbi ulikuwa na watu waliokuja kwa makusudi kwa sababu intaneti ya simu zao ilikuwa haifanyi kazi, wakiamini ahadi ya video. Hapo mwenye ofisi alinipigia na kuagiza video iondolewe hadi iandikwe upya.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutoandika chochote kwa siku mbili. Nilikaa mapokezi, pembeni ya dada aliyekuwa akipokea lawama za sentensi zangu, nikaandika kila swali lililoulizwa na watu waliofika, waliopiga simu na waliotuma ujumbe wa WhatsApp, kwa maneno yaleyale waliyoyatumia. Sikuwa na haja ya mamia ya maswali. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili yalikuwa yakijirudia, na mpangilio wake ulionekana wazi: watu waliuliza kwanza ni kiasi gani kwa mtu mmoja, kisha kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kisha kama wanaweza kupiga simu bila kusumbua au kusumbuliwa, kisha kuhusu umeme na intaneti, na mwisho kuhusu risiti. Kahawa haikuulizwa na mtu hata mmoja katika siku zote mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa bei yenyewe, na haukuwa wangu. Nilimweleza mwenye ofisi kwamba siwezi kuandika sentensi ya bei iliyo kweli ikiwa mapokezi watatoza namba nyingine, na kwamba kuitangaza namba isiyolipwa na mtu kunaweza kumgonganisha na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Alichagua shilingi 24,000 kodi ikiwa ndani, akiwa na sababu ya kawaida kabisa kwamba 23,600 inamsumbua mhudumu kutafuta chenji. Nusu kutwa ikawa 14,000, chumba cha mikutano 30,000 kwa saa, na kifurushi cha kutwa kumi kikawa 200,000.

Uamuzi wa tatu ulihusu maneno mawili. "Meza" ilifutwa kila mahali ikawekwa "kiti", kwa kuwa kinachouzwa ni kiti, na meza za ukumbi ule hukaliwa na watu sita. "Siku" ilifutwa ikawekwa "kutwa". Kiswahili kimetupa neno hili bure: kutwa ni tangu kunapokucha hadi jua linapotua, wala halimchanganyi mtu na usiku. Hata hivyo halikutosha peke yake, kwa sababu mtu anayefika mchana bado anaweza kudhani kutwa yake inaanzia anapoketi, kwa hiyo tuliongeza sentensi nzima kwa ajili yake. Kipande kipya cha bei kikawa hiki:

Picha: Mtu mmoja anavuta kiti kimoja cha meza ndefu na kuketi. Viti vya jirani vina watu wengine, kila mmoja na kazi yake. Kamera haisogei.

Sauti: Kiti kimoja, mtu mmoja, kwa kutwa: shilingi elfu ishirini na nne, kodi ikiwa ndani yake.

Maandishi: Kiti 1, mtu 1, kutwa: 24,000/= pamoja na VAT

Kimya cha sekunde tatu; maandishi yanabaki.

Sauti: Kutwa yetu inaanza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, hata ukifika mchana.

Maandishi: Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni (08:00–18:00)

Ule mstari wa mwisho wa maandishi ulibishaniwa kuliko yote. Katika video ya kwanza hakukuwa na saa, lakini kwenye bango la mlangoni paliandikwa "8:00–6:00", na wapo waliofika wakiwa wameisoma kwa hesabu ya Kiswahili, kuanzia saa nane mchana. Mhariri wa video alitaka saa za aina moja tu ili maandishi yasijae. Nilisisitiza zote mbili ziandikwe, ya Kiswahili kwanza na kwa neno "asubuhi" au "jioni" mbele yake, kisha ya tarakimu nne, kwa kuwa sehemu ya wateja walikuwa watu wanaofanya kazi na waajiri wa nje na kompyuta zao zinawaonyesha saa za tarakimu nne kutwa nzima.

Uamuzi wa nne ulihusu mahali pa bei. Kwa kuwa lilikuwa swali la kwanza la watu, nilitaka iwe ya kwanza kabisa. Mwenye ofisi alihofu kwamba mtu akisikia 24,000 kabla hajaona kitu atafunga video, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tulikubaliana kwamba sekunde kumi na mbili za mwanzo zionyeshe ukumbi, kisha bei ifuate.

Chumba cha mikutano kilihamishiwa baada ya bei, na tukaamua kiingie kwa mlango uliofungwa. Kamera inasimama nje, msimulizi anasema, "Chumba hiki hakimo katika bei ya kutwa. Kinakodishwa kwa saa, shilingi elfu thelathini, kwa watu wasiozidi wanane," ndipo mlango unafunguliwa. Vibanda vya simu, ambavyo vimo ndani ya bei, vilionyeshwa mlango ukiwa wazi. Sijui kama kuna mtazamaji aliyeiona tofauti hiyo na kuitaja, lakini waliodai chumba kwa madai kwamba wamekilipia walikoma.

Kuhusu umeme na intaneti, kila neno la "hauzimiki" na "haikatiki" liliondolewa, likawekwa jambo linaloweza kupimwa. Mwenye ofisi alinunua betri ya akiba kwa ajili ya ruta, na skripti ikasema: "Umeme ukikatika, jenereta huwaka ndani ya nusu dakika, na ruta hubaki hewani kwa betri." Tulipiga picha jambo hilo likitokea kweli: fundi alizima swichi kuu, ukumbi ukaingia giza kidogo, taa ya kijani ya ruta ikabaki inawaka, kisha mngurumo wa jenereta ukasikika kutoka chini. Ni sekunde nane zisizo na muziki, na kwa maoni yangu ndizo bora katika video nzima. Kwa intaneti tulipima kasi saa nane mchana, ukumbi ukiwa na watu 31, tukaonyesha skrini ya kipimo ikiwa na kasi ya kushusha na ya kupandisha zote mbili, kwa sababu anayetuma video au michoro mikubwa kwa mteja wake anaumizwa na ya kupandisha. Namba hazikutamkwa na msimulizi, kwani hubadilika. Zilibaki kwenye picha pamoja na tarehe na saa ya kipimo.

Kuna jambo la utengenezaji ambalo nalitaja kwa kuwa liliokoa fedha baadaye. Sentensi zote zenye bei zilirekodiwa kila moja peke yake, kukiwa na kimya mwanzoni na mwishoni, na maandishi yake yakawekwa kwenye kipande kinachojitegemea. Msimulizi alikuwa akisoma maneno kama 110 kwa dakika, mwendo wa kutosha kueleweka kwa mtu aliye kwenye daladala, na skripti nzima ikapunguzwa hadi maneno 130. Maneno ya Kiswahili hubeba mengi ndani yake, na anayeiga idadi ya maneno ya skripti za lugha nyingine huishia na msimulizi anayekimbia. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 190 ndani ya dakika moja na nusu, na bei ilikuwa katika sehemu aliyokimbia kuliko zote.

Hatimaye, watu. Video ya kwanza ilipigwa siku ya kazi, na mteja mmoja wa mwezi aligundua kwamba ukiisimamisha kwenye sekunde ya 31 unaweza kusoma bajeti ya mteja wake kwenye skrini. Alilalamika, na alikuwa na haki, achilia mbali kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu na nyuso na taarifa za watu. Video ya pili ilipigwa Jumamosi alasiri kwa watu walioridhia kwa maandishi, na kila skrini iliyoonekana ilikuwa na ukurasa mtupu.

Matokeo

Video ya pili ilitoka katikati ya Juni. Daftari la mapokezi linaonyesha kwamba katika wiki nne za mwisho zilizohesabiwa kabla ya kuondolewa kwa video ya kwanza wateja wa siku walikuwa 61, na 14 kati yao walibishana kuhusu bei, muda au chumba. Katika wiki nne za kwanza za video ya pili walikuwa 58, na waliobishana 3. Idadi ya wateja haikupanda, na mwenye ofisi hakuficha kwamba alitarajia ipande. Vifurushi vya kutwa kumi ndivyo vilivyobadilika, kutoka viwili hadi tisa.

Namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Mei ilikuwa na hitilafu ya nyaya, na bei ya pili ilikuwa ya juu kimaandishi kuliko ya kwanza ingawa mkononi ilizidi kwa shilingi 400 tu. Siwezi kutenganisha kazi ya skripti na kazi ya bei iliyonyooshwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa ninavyoona, ni kukaa mapokezi. Kila kosa la skripti ya kwanza lilikuwa linajulikana tayari na mtu mmoja katika jengo lile, yule dada wa mapokezi, ambaye hakuna aliyemwonyesha skripti kabla haijarekodiwa. Alipoonyeshwa ya pili aliisoma kwa dakika tano na kufanya sahihisho moja: palipoandikwa "risiti inapatikana" akataka paandikwe "risiti ya EFD yenye jina na TIN ya kampuni yako, ukiitaja kabla ya kulipa", kwa sababu risiti ikishatoka kuirekebisha ni kazi. Sentensi hiyo ni ndefu na haina mvuto wowote, lakini wenye kampuni changa walikuja wakiwa na TIN zao zimeandikwa kwenye simu.

Mpangilio wa picha nao ulithibitika kuwa sehemu ya bei. Nilizoea kuichunguza sauti neno kwa neno na kuichukulia picha kama pambo lake. Katika kazi ya aina hii picha inayoonekana wakati namba inatamkwa ndiyo bidhaa, kwa mtazamaji, na hasa kwa yule anayetazama bila sauti. Sasa ninapoandika huanza na kipande cha bei, nikijiuliza ni nini hasa kitakuwa kwenye fremu, kabla sijagusa mwanzo.

Sauti halisi ya ukumbi ilikuwa kamari. Tuliacha sekunde tano ambazo kiyoyozi, vibonye vya kompyuta na honi za bodaboda kutoka barabarani vinasikika vilivyo. Mwenye ofisi aliona tunaitangaza kasoro. Nadhani tulikuwa sahihi, kwa kuwa anayehitaji ukimya kamili angelalamika ndani ya saa moja baada ya kuketi, lakini siwezi kuhesabu walioisikia bodaboda wakaamua kubaki nyumbani.

Yapo tuliyoyashindwa. Nusu kutwa ya asubuhi ilitajwa kuishia saa saba mchana, lakini skripti haikusema nini hutokea mtu akichelewa kuinuka, na mapokezi hawakuwa na jibu moja: siku nyingine walimwacha mtu hadi saa nane, siku nyingine walimdai 10,000 za tofauti. Jumamosi tuliisahau kabisa, na ofisi ilifungwa saa nane mchana siku hiyo; mteja mmoja alilipa kutwa nzima akapata saa sita. Hilo lilirekebishwa kwa kurekodi upya sentensi moja, na hapo ndipo ule utaratibu wa kutenganisha vipande vya bei ulipolipa.

Kushindwa kukubwa zaidi kulikuwa kuwafanya wafanyakazi huru na kampuni changa hadhira moja. Mfanyakazi huru anajihesabia mwenyewe: je, leo inalipa kutoka nyumbani? Kampuni ya watu watatu inahesabu kwa kundi, na 72,000 kwa kutwa ni sauti nyingine kabisa masikioni kuliko 24,000. Skripti haikuwaambia lolote, na kifurushi cha kutwa kumi kilielezwa kwa namna inayomhusu mtu mmoja anayekuja mara kumi.

Mapema Julai wale vijana watatu wa programu ya simu walirudi. Walinunua kifurushi kimoja cha 200,000 na kuuliza kama wanaweza kukitumia viti vitatu kwa siku moja. Dada wa mapokezi hakujua, mimi sikujua, na mwenye ofisi hakuwa amewahi kulifikiria. Alikubali papo hapo, kwa kuwa viti vilikuwa vitupu na fedha ilikuwa imeshaingia. Walikuja Jumatatu, Jumanne na Jumatano, watatu watatu, kila mmoja kwenye kiti chake, na Alhamisi akaja mmoja peke yake kumalizia kutwa ya kumi. Wiki iliyofuata tulirekodi sentensi mpya: "Kutwa kumi, kwa mtu mmoja au kwa timu, mkizigawa mtakavyo."